Fuvu Linalocheka

Mimi si mtu wa kunyamaza, na waliofanya kazi na mimi hulijua hilo mapema. Kwa hiyo siku bosi aliponiita mezani kwake kwa sauti laini, akanivutia kiti mwenyewe, nilijua kuna kazi ambayo hataki niigombanie.

Bosi tunamwita Mzee Sanifu, akiwa hayupo bila shaka. Ofisi yake ya tafsiri ina vyumba viwili juu ya duka la vioo, na mchana kutwa tunasikia kioo kikikatwa chini ya miguu yetu. Kazi zetu ni vyeti vya kuzaliwa, mikataba, ripoti za hospitali. Mimi nashika Kiitaliano. Nilikisomea chuo kikuu huko huko kwao, lakini chuo kilinipa Kiitaliano cha vitabuni tu. Kile cha kuishi nacho nilikipata kwenye nyumba niliyopanga na wasichana wanne waliokuwa wakiandikiana meseji hata wakiwa wamekaa kochi moja.

Mezani alikuwepo mteja, mwanamume wa makamo mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu aliyekosa usingizi. Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Marehemu mdogo wake aliacha mtoto wa kike, amezaliwa na kukulia Italia. Mwaka jana mama wa yule mtoto naye akafariki, mtoto akaletwa nyumbani kwa bibi mzaa mama. Sasa ana miaka kumi na sita. Siku moja alikuja kumtembelea yeye, baba yake mkubwa, akaacha simu ikichaji jikoni. Simu ikalia, mzee akaigusa, mazungumzo ya mtoto na rafiki yake yakafunguka, akaona mafuvu.

Mafuvu matatu yamepangwa mstari, na maneno asiyoyajua. Akachukua simu yake mwenyewe, akayapitisha kwenye ile programu ya kutafsiri, ikamjibu: bibi ananiua. Akapiga picha meseji zote alizoweza kuzifikia, akaenda mahakama ya watoto kuomba akabidhiwe mtoto. Mahakama ikamwambia lete tafsiri yenye mhuri.

Nilimtazama nikitafuta hila, sikuiona. Mzee wa watu alikuwa ameogopa kweli kweli. Alisema mdogo wake hakumwachia kitu kingine duniani isipokuwa huyo mtoto, na kama bibi anamtesa, yeye hatalala. Nikamwahidi nitaifanya kazi yake kwa uangalifu.

Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimejiandaa kusoma mateso. Nikafungua picha ya kwanza, na haukupita muda nikaanza kucheka peke yangu hadi mwenzangu wa Kifaransa akageuka kunitazama.

Msichana alikuwa akimwandikia rafiki yake aliyebaki huko. Anamwita «amo», yaani «amore» iliyokatwa mkia. Ukiifungua kwa kamusi utaandika «mpenzi», na hapo umeshamharibia mtoto jina, maana wasichana wa Kiitaliano huitana hivyo kama wetu wanavyoitana shosti. Meseji yenyewe ilisema: «amo aiutooo la nonna mi sta uccidendo 💀💀💀». Inayofuata: «mi ha fatto ballare davanti ALLE VICINE ahahah sto male».

Niliandika hivi: «shosti niokoeee, bibi ananiua mie 💀💀💀». Na ya pili: «kanichezesha muziki mbele ya MAJIRANI hahaha mbavu sina».

Ile «sto male» kwa mtu mzima wa kule ni kusema naumwa. Kwa kijana aliyetoka kucheka, ni kusema nimecheka mpaka nimeumia. Nalo fuvu hawalichori kwa sababu ya makaburi. Wanalichora wanapokufa kwa kicheko, na sisi tunaokufa kwa kicheko tangu enzi za mababu hatuna sababu ya kulishangaa.

Ziliendelea hivyo. «a tavola mi sequestra il tel 😭😭 tipo carcere». Nikaweka: «mezani ananinyang'anya simu 😭😭 yaani km jela». Vile viuso vinavyomwaga machozi kama mabomba havilii, vinadeka. Rafiki akamuuliza bibi husema nini akichelewa kurudi, naye hakujibu kwa neno hata moja. Alituma mkono uliokusanya vidole vitano juu, mara tatu: 🤌🤌🤌. Kwetu mtu akikufanyia mkono ule anaweza kuwa anakwambia subiri. Kule ni «kwani we vipi, unataka nini hasa?» Nikauacha mkono mahali pake, nikaandika pembeni unachosema, na nikamwona bibi mzima mbele yangu, amesimama mlangoni.

Halafu ikaja hii: «cmq la odio ❤️».

Hiyo «cmq» ni «comunque» iliyonyolewa irabu, yaani hata hivyo, lakini ukiandika hata hivyo umemvika mtoto suti. Nikaandika: «ila namchukia huyu bibi ❤️». Nikatulia nikiutazama moyo ule. Ukiufuta, sentensi inageuka kuwa kiapo cha adui. Ukiuacha, ni mtoto aliyepigwa busu asilolitaka akijipangusa shavu huku anatabasamu.

Niliendelea nikiwa na furaha ya kazi, ile furaha inayomfanya mtu asahau chai. Kisha nikafika kwenye meseji moja, kicheko kikakatika.

«Oggi ho capito che nessuno mi ha chiesto dove voglio stare.»

Hakuna fuvu, hakuna uso, hakuna neno lililokatwa wala herufi iliyovutwa. Mtoto ambaye hakuwahi kumaliza neno bila kulivunja mguu alikuwa ameandika sentensi iliyonyooka kama anamwandikia mwalimu. Na rafiki yake, ambaye kila alichoandika kilianza na kicheko, alijibu kwa maneno mawili tu: «Ti chiamo.» Nakupigia. Baada ya hapo kimya cha siku nzima kwenye meseji, maana walikuwa wanaongea kwa sauti.

Sikuipamba. Niliandika: «Leo nimegundua kwamba hakuna aliyeniuliza ninataka kukaa wapi.» Hiyo ilikuwa meseji pekee katika rundo lile lote iliyostahili Kiswahili sanifu, na niliipa.

Nilipeleka kazi kwa bosi ikiwa na emoji zote mahali pake na ukurasa mmoja wa maelezo ya mtafsiri. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye «mbavu sina» akavua miwani. Akaniuliza kama nimeamua kuifanya ofisi yake kijiwe.

Nataka niwe mkweli juu ya Mzee Sanifu. Hakuwa mjinga, wala Kiitaliano hakikumpita. Yeye ndiye aliyenisahihisha mikataba yangu ya kwanza. Ana kanuni yake aliyoijengea ofisi jina: kinachopigwa mhuri kiwe Kiswahili fasaha, vifupisho vifunguliwe, sentensi zikamilike, picha ziondolewe. Zamani mahakama ilimrudishia kazi kwa sababu ya kicheko kimoja alichokiacha kwenye karatasi, na tangu hapo hakuna kicheko kilichopita tena mlangoni pake. Kwenye mikataba ya nyumba kanuni hiyo ni nzuri. Kwenye meseji za msichana wa miaka kumi na sita ni sawa na kumnyoa mtu nyusi halafu ukauliza mbona hana sura.

Nilimwambia hivyo. Akasema mahakamani hatupeleki vibonzo. Nikasema vibonzo ndivyo vinavyobeba sauti. Ukiviondoa umebakiza midomo inayofunguka bila kujua kama inacheka au inalia. Akasema kazi yetu ni maneno. Nikasema kazi yetu ni alichosema mtu. Mwenzangu wa Kifaransa akainuka akaenda kuchota maji ambayo hakuyahitaji.

Mwishowe bosi akasema ataisafisha mwenyewe. Nikamwambia asafishe, ila mimi siisaini. Akasema mhuri ni wa ofisi, si wangu. Nikaona tumeelewana, kumbe hatukuelewana hata kidogo.

Wito wa mahakama ulifika ofisini ukiwa na jina langu. Hakimu alitaka mtafsiri aje aape kwamba tafsiri ni yake na ni sahihi, kisha aisome. Bosi aliniwekea nakala mezani bila kunitazama. Chini kabisa, juu ya mhuri, yalichapwa majina yangu yote matatu.

Niliisoma nikiwa nimesimama. «Bibi ananiua. Naomba msaada. Alinilazimisha kucheza ngoma mbele ya majirani. Ninajisikia mgonjwa. Wakati wa chakula hunipokonya simu. Hali ni kama ya gereza. Hata hivyo, ninamchukia.» Kiswahili safi, hakina kosa hata moja. Hata mimi niliyecheka kwa meseji zile nilisikia baridi. Na katikati ya ukurasa wa pili, baada ya gereza na chuki na kabla ya nyingine za namna hiyo, ilikuwepo ile sentensi yangu, neno kwa neno, haikuguswa. Lakini sasa hakuna ambaye angeiona. Sentensi zote zilikuwa zimevaa suti, na ile iliyokuja kwa jambo zito ilikuwa imepotea katikati yao.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli, si ya jina langu tu.

Bosi alisema niende, niape, nisome, nirudi. Akaongeza kwa upole kwamba nikiona vigumu, zipo ofisi nyingine mjini, labda zinazotafsiri vibonzo. Akufukuzaye hakwambii toka. Nikakunja nakala yake nikaiweka kwenye mkoba, na pembeni yake nikaweka ya kwangu.

Mahakama ya watoto haina jukwaa wala kizimba. Ni chumba chenye meza ndefu, feni inayolia, na viti vya plastiki vilivyopangwa ili mtoto asiogope, ingawa sijui mtoto gani haogopi kiti cha plastiki kilichowekwa katikati ya watu wazima. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Kulia kwake alikaa baba mkubwa na shati lake. Nyuma, karibu na mlango, bosi wangu. Alikuwa amekuja kunisikiliza.

Kushoto alikaa bibi. Nilikuwa nimemjua kwa meseji tu, nikategemea kumwona mwanamke wa mkono juu na sauti kubwa. Niliyemwona alikuwa amevaa raba nyeupe, gauni la maua, na uso wa mtu aliyetoka kuzika. Alikuwa na nakala ya ile tafsiri mapajani, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelegea.

Hakimu alimtaka aseme neno kabla ya mimi. Bibi akasimama. Alisema yeye hana la kubishana. Alikuwa anafikiri wanaishi vizuri na mjukuu wake, kumbe mzee akipenda huona anachotaka kuona. Kama mtoto ameandika kwamba anamchukia, basi na aende kwa baba yake mkubwa, naye atakuwa anaomba ruhusa ya kumwona sikukuu.

«Sikujua kama naumiza,» alisema. «Mwanangu nilimzika, huyu sitaki nimzike akiwa hai.»

Akakaa. Na msichana, aliyekaa katikati yao na kofia ya sweta imefunika nusu ya uso, hakuinua macho. Niliambiwa baadaye kwamba watu wa ustawi wa jamii walipomwonyesha tafsiri ile mara ya kwanza alijaribu kueleza, akaambiwa asimwogope bibi, aseme ukweli. Akaeleza tena, wakamwambia anamkingia kifua. Basi akaacha. Nilikitambua kile kimya. Si cha mtu aliyekubali, ni cha mtu aliyechoka kupigia kelele viziwi.

Niliitwa mbele. Hakimu akaninyooshea nakala, akaniuliza kama ninaapa kwamba tafsiri ile ni yangu na ni sahihi.

«Jina ni langu, mheshimiwa,» nikasema. «Kazi si yangu. Siiapii.»

Nilimsikia bosi akikohoa kule nyuma, na sikugeuka. Hakimu akaniuliza kama ninajua uzito wa ninachosema. Nikamwambia naujua, na ndiyo maana ninasema kabla sijaapa badala ya kuapa halafu nikanyamaza. Nikamweleza kwa kifupi: maneno ya kwenye nakala ile hayakudanganya, lakini sauti imeondolewa na bosi wangu, yule aliyekaa pale nyuma. Nikamwambia ninayo ya kwangu, yenye kila kitu alichoandika mtoto, na ninaomba niisome jinsi ilivyoandikwa.

Baba mkubwa akasimama. Alisema hapa si mahali pa mchezo, mtoto ameomba msaada kwa mafuvu, na huyu dada anataka kutufanyia maigizo. Sikumlaumu. Alikuwa amelibeba lile fuvu moyoni kwa majuma. Lakini hakimu alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua karatasi zangu. Alitazama ukurasa wa kwanza, akauinua karibu na miwani, akausogeza mbali, akanirudishia.

«Soma,» akasema. «Kama ilivyoandikwa.»

Nikasoma. Sikusoma kwa sauti ya mahakama. Nilisoma kwa sauti ya wale wasichana wanne wa kwenye kochi. «Shosti niokoeee» niliivuta kama ilivyovutwa, na kila nilipofika kwenye picha niliitaja na kusema inafanya nini pale: mafuvu matatu, kicheko cha kufa mtu. Nilipofika kwenye kuchezeshwa mbele ya majirani na mbavu kuisha, kitu kikatokea upande wa kushoto. Bibi aliinua kichwa.

«Nilimchezesha kweli,» akasema, kama anayejisemea. «Alikuwa anacheka yule. Tulicheka wote mpaka nikakaa chini.»

Nikaendelea. Jela ya mezani. Mkono wa vidole vitano. Niliuonyesha kwa mkono wangu, nikasema maana yake, na hakimu akainamisha uso haraka kwenye karatasi zake. Kisha ile ya chuki. Nilisoma: «Ila namchukia huyu bibi.» Nikasema, na hapa, mheshimiwa, ameweka moyo mwekundu. Katika nakala iliyopigwa mhuri moyo haupo. Bibi akafunika uso kwa viganja viwili. Karatasi ilianguka kutoka mapajani pake, hakuiokota.

Baba mkubwa aliniuliza, na safari hii sauti yake haikuwa ya kubisha, kwamba kwa hiyo hata kufa ni utani. Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, hapo ni utani. Hata sisi tukicheka sana husema tumekufa, na hakuna anayekwenda kuchimba kaburi. Akauliza tena, polepole, kama anapima kila neno: kwa hiyo kila kitu alichoandika huyu mtoto ni mchezo, hakuna la kweli hata moja?

Hapo ningeweza kuishia. Chumba kilikuwa kimeshanigeukia. Bibi alikuwa ameshampata mjukuu wake, hakimu alikuwa ameshavua miwani, na mimi nilikuwa nimeshinda mbele ya bosi wangu. Na niliijua iliyobaki ukurasa wa pili. Haikumtetea bibi. Ningesema «ndiyo, yote ni mchezo», na ningekuwa nimefanya alichofanya Mzee Sanifu, ila kwa upande wa kucheka. Yeye alizivalisha sentensi zote suti, mimi ningezivisha zote kofia za sherehe.

«Lipo moja,» nikasema.

Nikalitanguliza kwa maelezo. Nikasema kwamba katika meseji zote zilizoletwa, hii peke yake haina picha, haina kifupisho, haina kicheko. Kwamba kijana anayeandika hivi siku zote, siku akiandika sentensi nzima, iliyonyooka, mwenzake hushtuka, na rafiki yake alishtuka. Alimpigia hapo hapo. Kisha nikaisoma kwa sauti yangu ya kawaida, bila kuivuta wala kuiinua.

«Leo nimegundua kwamba hakuna aliyeniuliza ninataka kukaa wapi.»

Baba mkubwa alifungua mdomo, nikadhani atasema mnaona, lakini hakusema. Nadhani alikuwa anahesabu ni mara ngapi amemuuliza, akakuta hakuna. Bibi alikuwa ameondoa mikono usoni. Hakimu alivaa tena miwani, akavuta nakala yenye mhuri, akafunua ukurasa wa pili, akapitisha kidole mpaka akaipata. Akasema, si kwa mtu yeyote, kwamba aliisoma. Aliisoma na akaipita.

Kisha akamgeukia msichana, akamwita kwa upole, akamuuliza anataka kukaa wapi.

Bibi na baba mkubwa walianza kujibu kwa pamoja. Bibi alisema mtoto mwenyewe anajua kwamba kwake ni kwake, baba mkubwa akasema asiogope kusema. Hakimu akainua mkono, wakanyamaza wote wawili.

Msichana akaisukuma kofia nyuma. Alikuwa na uso mdogo kuliko nilivyofikiri, na macho ya hasira, hasira safi ya mtu aliyeonewa na watu wanaompenda.

«Kwa bibi,» akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, taratibu, kila neno limewekwa mahali pake. «Nitakuja kwako, baba mkubwa, Jumamosi, kama nikitaka. Si kwa kuletwa.»

Baba mkubwa akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Bibi akataka kuinuka amshike. Msichana akamwashiria akae, alikuwa hajamaliza.

«Simu yangu ni yangu,» akasema. «Baba mkubwa umeisoma. Bibi umeisoma, mpaka karatasi imelegea. Mheshimiwa umeisoma. Yule mzee pale nyuma ameisoma na kuifuta sura.»

Halafu akanigeukia mimi. Nakiri kwamba nilikuwa nasubiri shukrani. Nilikuwa nimeshaanza hata kutabasamu.

«Na wewe, anti, umeisoma kwa sauti mbele ya watu. Umeisoma vizuri, ndivyo nilivyoiandika. Lakini na wewe hukuniuliza.»

Tabasamu likanifia usoni. Niliyekuja kutetea mafuvu na mioyo ya mtoto wa watu sikuwa nimeongea naye hata neno moja. Nilikuwa nimemjua kwa viganja na nyuso za njano, nikajiona ninamjua yote. Nilitafuta la kujibu, na mimi, niliyesema si mtu wa kunyamaza, sikulipata.

Hakimu akarekebisha miwani yake, akaandika kwa muda. Akasema mtoto atabaki kwa bibi yake, na ziara kwa baba mkubwa zitapangwa na mtoto mwenyewe. Kisha, kwa sauti ya kazi, akasema kwamba kwa ajili ya kumbukumbu za shauri kurasa zilizobaki za tafsiri yangu zisomwe zote, nami nikishamaliza niape. Akaniashiria niendelee.

Nilizitazama karatasi mkononi. Zilibaki kurasa tatu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuifanyia ofisi ile, na bosi wangu amekaa nyuma akiwa na masikio yake. Nikamtazama msichana.

«Niendelee?» nikamuuliza.

«Hapana,» akasema.

Nikakunja karatasi mara mbili, nikainuka, nikazipeleka mpaka kwenye kiti chake cha plastiki, nikamwekea mkononi.

Hakimu akaniuliza ninafanya nini.

«Mwenyewe amekataa, mheshimiwa,» nikasema, nikarudi kukaa.